Gemu za zamani zilizofungwa kwenye fremu, na namna ya kuzirudisha kwenye mwendo wake

Fungua Skyrim ya mwaka 2011 kwenye skrini ya hezi 144, usiguse mpangilio wowote, anza gemu mpya. Mhusika wako yuko juu ya mkokoteni, mikono imefungwa, anapelekwa kukatwa kichwa. Mkokoteni huo unaopaswa kwenda taratibu huanza kutetemeka, unaruka kama umekanyaga jiwe ambalo halipo, na wakati mwingine unapinduka wenyewe na farasi wake. Ukifanikiwa kulipita tukio hilo na kuingia kwenye nyumba ya kwanza, sahani na vitabu vinaruka kutoka mezani kabla hujavigusa.

Mtu asiyelijua jambo hili hudhani faili zimeharibika, au kadi ya michoro ina hitilafu. Mashine ni nzima. Kasi yake ndiyo iliyolifichua kosa lililokuwamo ndani ya gemu tangu siku ya kwanza: hesabu ya mwendo wa dunia ya gemu imefungwa kwenye idadi ya picha zinazochorwa kwa sekunde. Zikiongezeka picha, dunia nayo inabadilika. Dawa yake kwa kawaida ni rahisi, nayo ni kidhibiti cha fremu, yaani programu au mpangilio unaoizuia gemu isichore picha nyingi kuliko idadi uliyoitaja. Lakini ukikiweka bila kuelewa kinachotibiwa, utachagua namba isiyo sahihi, au utakiweka mahali kisipofanya kazi, kisha ubaki ukishangaa kwa nini mkokoteni bado unapinduka.

Hatua moja kwa kila fremu

Ndani ya kila gemu kuna mzunguko usiokoma. Gemu inasoma vitufe ulivyobonyeza, inaisogeza dunia mbele kidogo, inachora picha, kisha inarudi mwanzo. Swali ni moja tu: hiyo "kidogo" ni kiasi gani? Njia nyepesi kuliko zote ni kuandika namba iliyokazwa:

```
x = x + 5
```

Maana yake, kila fremu gari linasogea alama 5. Kwa fremu 30 kwa sekunde, gari linakwenda alama 150. Kwa fremu 60 linakwenda 300. Kwa 144 linakwenda 720, karibu mara tano ya alivyokusudia mtengenezaji aliyeiandikia fremu 30. Hakuna mahali popote katika mstari huo panapouliza saa ngapi sasa. Fremu yenyewe ndiyo saa.

Watu waliozoea vifaa vya leo huona huo ni uzembe, nami sikubaliani nao. Gemu za kuchezea kwenye televisheni ziliandikwa kwa ajili ya kifaa kimoja chenye kasi moja. Televisheni ilichora mara 60 kwa sekunde, au mara 50 katika nchi za mfumo wa PAL, na mtengenezaji alijua kwa uhakika kuwa hatua yake ina urefu gani. Kupima muda kungekula nguvu za kichakataji bila faida yoyote. Hata hivyo ugonjwa ulijionyesha mapema: gemu iliyoandikwa kwa hezi 60 na kupelekwa kwenye mfumo wa hezi 50 bila kurekebishwa ilikwenda kwa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake, muziki na wahusika vikijivuta pamoja.

Doom ya mwaka 1993 inaonyesha njia ya nidhamu zaidi. Dunia yake husogea hatua 35 kwa sekunde, ambayo ni nusu ya hezi 70 za skrini za VGA za wakati ule, na injini yenyewe hulisimamia hilo. Kompyuta iwe na nguvu kiasi gani, hatua zinabaki 35. Kidhibiti kimo ndani ya gemu, na ndiyo maana hakuna anayelalamika kuwa mazimwi wa Doom wanakimbia kupita kiasi kwenye mashine mpya.

Mfano wa wazi wa gemu iliyofungwa kwenye fremu kwenye kompyuta ni Need for Speed Rivals ya mwaka 2013. Ilitolewa ikiwa imezuiwa kwenye fremu 30. Wachezaji waligundua haraka amri ya kuanzishia inayoondoa kizuizi hicho, na waliotumia nusu yake tu walipata gemu inayokwenda mara mbili: magari, polisi, saa, kila kitu. Sababu ni kwamba kikomo cha picha kilipanda hadi 60 huku hatua ya dunia ikibaki na urefu wa sekunde 1/30. Ilibidi amri zote mbili ziende pamoja, moja ya kupandisha kikomo na nyingine ya kuifahamisha injini kuwa hatua sasa ni fupi:

```
-GameTime.MaxSimFps 60 -GameTime.ForceSimRate 60.0
```

Siyo lazima kila kitu kiharakishwe. Mara nyingi kinachofungwa kwenye fremu ni jambo moja lililosahaulika, na hilo ndilo baya zaidi kwa sababu halionekani haraka. Dark Souls II ilipofika kwenye kompyuta mwaka 2014 ikiwa na fremu 60, watu walitembea, wakaruka na kupigana kwa mwendo sahihi kabisa. Silaha zao tu ndizo zilichakaa mara mbili ya zilivyochakaa kwa fremu 30, kwa sababu mguso wa upanga ulikuwa ukihesabiwa kila fremu. Upanga ukipita ndani ya mwili kwa muda uleule, fremu zikiwa maradufu, mguso unahesabiwa maradufu.

Kupima muda hakumalizi tatizo

Mtengenezaji makini zaidi haandiki namba iliyokazwa. Anapima muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, anaupa jina `dt`, kisha anazidisha:

```
x = x + 150 * dt
```

Sasa gari linakwenda alama 150 kwa sekunde, fremu ziwe 30 au 144. Kwa mwendo ulionyooka wa kasi isiyobadilika, hesabu hii ni salama. Ila mvutano, kuruka na kugongana si mwendo wa kasi isiyobadilika, na hesabu za kompyuta zina tabia ya kukata vipande vya namba. Hapo ndipo fremu hurudi kupitia mlango wa nyuma, na hakuna gemu inayolionyesha hilo vizuri kama Quake III Arena ya mwaka 1999. Inafaa tuifanye hesabu yake kwa utulivu, kwa sababu ukishaielewa hutaamini tena kwamba fremu nyingi ni bora sikuzote.

Katika Quake III, mchezaji anaporuka anapewa kasi ya 270 kwenda juu. Mvutano unampunguzia 800 kila sekunde. Kwa hesabu za darasani, urefu wa mruko ni 270 mara 270, gawanya kwa 1600, sawa na alama 45.6. Huo ndio urefu "wa kweli".

Lakini injini ina mambo mawili ya ziada. La kwanza, inapima muda wa fremu kwa milisekunde nzima, haijui nusu wala robo. La pili, mwisho wa kila hatua inakadiria kasi ya mchezaji hadi namba nzima iliyo karibu. Kila jambo peke yake ni dogo. Yakikutana, mvutano wenyewe unabadilika.

Chukua fremu 125 kwa sekunde. Fremu moja ni milisekunde 8 kamili. Mvutano unapaswa kupunguza kasi kwa 800 mara 0.008, yaani 6.4. Kasi ya 270 inakuwa 263.6, inakadiriwa kuwa 264. Fremu inayofuata 264 inakuwa 257.6, inakadiriwa kuwa 258. Kila mara inatakiwa kupungua 6.4, inapungua 6 tu. Kwa sekunde nzima mvutano umepunguza 750 badala ya 800. Mchezaji anapanda alama 48.6, tatu zaidi ya stahili yake.

Ongeza fremu hadi 333. Fremu moja ni milisekunde 3, punguzo ni 2.4, linakadiriwa kuwa 2. Mvutano umeshuka hadi 667 hivi, na mruko unafika karibu alama 54.7. Mwenye mashine yenye nguvu anafika kwenye kingo ambazo mwenzake hazifikii, na wote wawili wako kwenye mechi moja.

Usije ukadhani kanuni ni kwamba fremu nyingi humaanisha mruko mrefu. Jaribu milisekunde 7, ambazo ni fremu 142 hivi kwa sekunde. Punguzo ni 5.6, na safari hii linakadiriwa kwenda juu kuwa 6. Mvutano unapanda hadi 857, mruko unashuka hadi 42.5. Umeongeza fremu 17 juu ya 125 na umepoteza alama sita za urefu. Kwa milisekunde 5, fremu 200, punguzo ni 4 kamili na kila kitu kinakwenda kama kilivyoandikwa.

Kwa hiyo kwenye gemu hii kidhibiti kinaamua sheria za dunia, na inafaa kutumia cha ndani ya gemu:

```
/com_maxfps 125
```

Injini inagawa 1000 kwa namba uliyoandika na kutupa sehemu inayobaki. Ndiyo maana ukiandika 85, ambayo ndiyo thamani ya kawaida, unapata milisekunde 11 na fremu 90 hivi. Ukiandika 130 unapata milisekunde 7, yaani ule mruko mfupi wa 142. Ukiandika 120 unapata milisekunde 8, sawasawa na 125. Kidhibiti cha nje kilichowekwa 144 kingeleta fremu za milisekunde 6.94, na saa ya gemu ingezisoma mara 7 mara 6, hivyo mvutano ungebadilika katikati ya mruko mmoja. Seva inaweza kulimaliza jambo hili kwa wote kwa kuweka `pmove_fixed 1` na `pmove_msec 8`: mwendo wa kila mchezaji unahesabiwa kwa hatua za milisekunde 8, kila mmoja achore fremu ngapi anazotaka.

Ni namba gani ya kuweka

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuiga namba ya gemu nyingine. Gemu iliyoandikwa kwa hatua ya 1/30 inahitaji 30. Iliyoandikwa kwa 1/60 inahitaji 60, na ukiizuia kwenye 30 kwa nia njema ya kupunguza joto la mashine, itakwenda nusu mwendo.

Kama gemu ina kidhibiti chake kwenye menyu, anza na hicho na ukiheshimu. GTA San Andreas ina mpangilio wa `Frame Limiter` kwenye menyu ya picha, na watu huuzima kwa furaha wakiona namba ya fremu inapanda. Baada ya hapo kuogelea kunageuka kuwa kujikokota na magari yanaanza tabia ngeni. Mpangilio huo uko hapo kwa sababu gemu inauhitaji.

Pasipo na mpangilio, jaribu kwa saa. Tafuta kitu ndani ya gemu kinachochukua sekunde kumi au zaidi bila wewe kukiingilia: lifti inayopanda, mlango mkubwa, mhusika anayetembea njia moja, au saa ya mbio. Izuie gemu kwenye fremu 30, pima kwa saa ya mkononi. Kisha zuia kwenye 60, pima tena. Muda ukipungua kwa nusu, gemu inahesabu fremu. Linganisha na video ya gemu hiyo ikichezwa kwenye kifaa ilichoandikiwa, na utajua ni kati ya namba hizo mbili ipi ya kweli. Muda ukibaki uleule, hatua inapimwa kwa saa, na kilichobaki ni kukagua mambo madogo: urefu wa mruko, vitu vinavyoanguka, silaha inayochakaa, gari linapogonga ukuta.

Kuna gemu za DOS ambazo hazitasikia dawa hii kabisa. Hizo hazikusubiri skrini wala saa, zilikwenda kwa kasi yoyote ambayo kichakataji kiliziruhusu. Kidhibiti cha fremu hakina cha kushika hapo. Zinatibiwa kwenye DOSBox kwa kupunguza kazi inayoruhusiwa kichakataji, kwa mfano `cycles=fixed 3000`, kisha kupanda na kushuka kwa Ctrl+F12 na Ctrl+F11 mpaka mwendo utulie.

Mahali pa kukiweka

Jambo la kwanza ambalo watu hulitegemea ni ulandanishi wa skrini, ule unaosomeka `VSync` kwenye menyu. Kwenye skrini ya hezi 60 unafanya kazi ya kidhibiti bila kukusudia, kwa kuwa gemu inasubiri skrini imalize kuchora. Skyrim ilitolewa ikiwa umewashwa, na katika mwaka 2011 hilo lilitosha kwa watu wengi. Leo mpangilio uleule kwenye skrini ya hezi 144 unairuhusu gemu kufika 144. Ulandanishi unafuata skrini, haujui lolote kuhusu gemu. Usiutegemee kama kidhibiti.

Kidhibiti cha kweli kinaisimamisha gemu mwisho wa kila fremu mpaka muda uliopangwa utimie. Cha ndani ya gemu ndicho bora kikiwepo, kwa sababu kinasubiri kabla vitufe havijasomwa, hivyo mkono wako hauhisi kuchelewa. Pasipokuwepo, kwenye Windows programu inayoaminika zaidi ni RivaTuner Statistics Server, inayofupishwa RTSS. Kwa Skyrim kazi inakwenda hivi.

Fungua RTSS, na kwenye dirisha lake bonyeza kitufe cha kijani cha `Add`. Itakuomba faili ya gemu. Chagua `TESV.exe`, siyo `SkyrimLauncher.exe`. Kosa hili ni la kawaida mno: kile cha pili ni dirisha dogo la mipangilio linalofungwa mara gemu inapoanza, na ukikizuia hicho gemu yenyewe inabaki huru. Kwa toleo la mwaka 2016 faili ni `SkyrimSE.exe`. Hakikisha jina hilo limechaguliwa kwenye orodha ya kushoto, kisha kwenye `Framerate limit` andika 60. Usiandike namba hiyo kwenye `Global`, la sivyo kila gemu uliyonayo itazuiwa na utakuja kusahau kwa nini. RTSS lazima ibaki imefunguliwa wakati unacheza. Ukiifunga, kizuizi kimeondoka.

Mwenye kadi ya NVIDIA anaweza kupata matokeo ya kutosha kwenye paneli yake: `Manage 3D settings`, kisha `Program Settings`, chagua gemu, weka `Max Frame Rate`. Kwenye Linux, gemu ya Windows inayopitia Proton inazuiwa kwa mstari mmoja kwenye amri ya kuanzishia:

```
DXVK_FRAME_RATE=60 %command%
```

Kwa gemu za zamani zaidi, zile zinazohitaji dgVoodoo2 ili zifunguke kabisa, kidhibiti kimo humohumo: fungua `dgVoodoo.conf`, tafuta `[GeneralExt]`, weka `FPSLimit = 60`.

Skyrim ina mlango mwingine ambao utakutana nao ukitafuta suluhisho. Kwenye `Skyrim.ini`, ndani ya folda ya `My Games`, sehemu ya `[HAVOK]`, kuna thamani `fMaxTime`. Inaiambia Havok, injini ya fizikia ya gemu hiyo, hatua ni ndefu kiasi gani, na kwa kawaida ni 0.0166, yaani sekunde 1/60. Wanaotaka fremu 120 huibadilisha kuwa 0.0083. Inafanya kazi kwa mashine inayoshika 120 bila kuteleza hata mjini kwenye umati. Lakini thamani hiyo imekazwa, haifuati fremu zinapoporomoka, na gemu hii huporomoka sana. Kwa anayetaka tu kucheza bila mkokoteni kupinduka, 60 na kidhibiti ni njia tulivu zaidi.

Kujua kama kimeshika

Kaunta ya fremu inayoonyesha 60 haitoshi kuwa ushahidi. Kaunta inaonyesha wastani wa sekunde nzima. Fremu moja ikichukua milisekunde 10 na inayofuata 23.3, wastani bado ni 60 safi, lakini gemu imepokea hatua fupi na ndefu zikipishana, na fizikia inazihisi. Washa mchoro wa muda wa fremu kwenye RTSS badala ya namba peke yake. Unachotafuta ni mstari ulionyooka kwenye milisekunde 16.7 kwa 60, au 33.3 kwa 30. Mstari wenye meno ya msumeno ni dalili kwamba kuna kitu kinapigana na kidhibiti.

Mara nyingi kinachopigana ni kidhibiti cha pili. Menyu ya gemu imewekwa 60, RTSS imewekwa 60, na kadi ya michoro nayo 60. Saa tatu haziwezi kupiga kwa pamoja kamili, hivyo fremu inasubiri hapa, inaachiwa, inakamatwa pale. Acha kimoja tu.

Sababu ya pili inawakumba wenye skrini ya hezi 144 waliofanya kila kitu sawa. Gemu ni 60, ulandanishi umewashwa, lakini picha inagugumia. Gawa 144 kwa 60 upate 2.4. Skrini haiwezi kuonyesha picha kwa mizunguko miwili na sehemu, kwa hiyo picha moja inakaa mizunguko miwili, yaani milisekunde 13.9, na nyingine mitatu, milisekunde 20.8. Badilisha skrini iwe hezi 120 kwenye mipangilio ya Windows wakati wa kucheza gemu hiyo. Kila picha itakaa mizunguko miwili kamili. Skrini yenye kasi inayobadilika, FreeSync au G-Sync, inaliondoa tatizo hili bila kubadilisha hezi.

Na kuna jambo ambalo hakuna kidhibiti kinacholiweza. Kinazuia kwenda juu, hakiwezi kukujazia chini. Gemu inayohesabu fremu, iliyoandikwa kwa 60, ikiwa kwenye mashine inayofikia 45 tu katika sehemu nzito, itakwenda robo tatu ya mwendo wake hapo, kidhibiti kiwepo kisiwepo. Punguza vivuli na ukubwa wa picha mpaka sehemu nzito kuliko zote ishike 60, na upime hapohapo penye uzito, siyo kwenye menyu.

Ukishamaliza yote hayo kwenye Skyrim, usipakie hifadhi ya zamani kuangalia matokeo. Vitu vilivyokwisha kurushwa huhifadhiwa pale vilipoangukia, na utadhani kidhibiti hakijafanya kazi. Anza gemu mpya, utazame mkokoteni hadi ufike langoni, kisha ingia kwenye chumba ambacho mhusika wako hajawahi kukanyaga na uangalie meza.